Uchaguzi wa chandarua cha mbu

'''Chandarua''' (wingi: '''vyandarua'''; pia '''neti''') ni kitambaa chenye vitundu vidogo kinachotundikwa juu ya kitanda au mkeka ili kumkinga aliyelala asiumwe na mbu. Katika nchi zenye malaria hutumiwa hasa dhidi ya mbu wa jenasi ya ''Anopheles'', ambao wengi wao huuma usiku. Vyandarua vinavyouzwa au kugawiwa havifanani. Vinatofautiana kwa uzi uliotumika, kwa ukubwa wa vitundu na kwa dawa iliyotiwa kiwandani, na tofauti hizo huamua kama chandarua kitadumu mwaka mmoja au mitatu, na kama mbu anayekigusa atakufa au ataruka tu aende zake.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua chandarua kwa kuangalia mambo hayo matatu, pamoja na namna ya kutambua chapa zinazoaminika. Mifano mingi imetoka Tanzania, kwa sababu baadhi ya majaribio makubwa ya vyandarua yamefanyika huko na kiwanda kimojawapo kikubwa cha vyandarua barani Afrika kipo Arusha.

== Uzi na kitambaa ==

Zamani vyandarua vilifumwa kwa pamba. Pamba hunyonya unyevu, huoza upesi na hupitisha hewa kidogo, kwa hiyo leo karibu vyandarua vyote ni vya uzi wa kutengenezwa viwandani. Aina mbili ndizo zinazokutana na mnunuzi mara nyingi zaidi, nazo ni poliesta na polietilini.

Uzi wa poliesta umetengenezwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba zilizounganishwa pamoja. Kitambaa chake ni laini, hakikwaruzi ngozi na hukunjika vizuri, ndiyo maana watu wengi hukipenda kinapokuwa dukani. Uzi wa polietilini ni mmoja mmoja, mnene na mgumu kidogo, kama uzi mwembamba wa kuvulia samaki. Kitambaa chake huonekana kikavu na kigumu mkononi, lakini kwa kawaida hustahimili zaidi kuvutwa. Ipo pia polipropilini, ambayo haionekani sana madukani.

Unene wa uzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho '''denia''', yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa denia 75 ni mwembamba kuliko wa denia 100, na wa 150 ni mnene zaidi. Vyandarua vya poliesta huwa vya denia 75 au 100. Vya denia 75 ni vya bei nafuu, lakini huchanika mapema, hasa vinapochomekewa kila usiku chini ya godoro kwenye kitanda cha mbao zisizopigwa randa. Kwa matumizi ya kila siku nyumbani, denia 100 ndiyo ya kuchukua kama ipo. Vya polietilini huwa vya denia 100 na zaidi. Chapa ya Olyset, kwa mfano, hutumia uzi wa denia 150.

Namba ya denia haiandikwi kila mara kwenye mfuko, na ikiandikwa si lazima iwe kweli. Kwa chandarua cha poliesta, mizani ya duka inatosha kuipima. Kitambaa cha poliesta cha denia 75 chenye vitundu vya kawaida huwa na uzito wa takriban gramu 30 kwa mita ya mraba, na cha denia 100 takriban gramu 40. Tuchukue chandarua cha mstatili cha kitanda cha futi sita kwa sita, chenye urefu wa sentimita 190, upana wa sentimita 180 na kimo cha sentimita 180. Paa lake ni 1.9 × 1.8, yaani mita za mraba 3.42. Kuta zake nne zikipangwa mfululizo zina urefu wa mita 7.4, nazo zikizidishwa kwa kimo cha mita 1.8 hupatikana mita za mraba 13.32. Jumla ni mita za mraba 16.74. Basi kikiwa cha denia 75 kitakuwa na uzito wa karibu gramu 500, na kikiwa cha denia 100 karibu gramu 670. Pindo na vitanzi vya kutundikia huongeza kidogo. Chandarua cha ukubwa huo kinachodaiwa kuwa cha denia 100 lakini hakifiki hata nusu kilo, ama uzi wake ni mwembamba kuliko ilivyoandikwa, ama kitambaa kimepunguzwa. Njia hii haifai kwa polietilini, kwa kuwa uzi wake una uzito na mpangilio tofauti.

Jambo lingine la kuangalia ni namna kitambaa kilivyofumwa. Vyandarua vizuri hufumwa kwa mafundo yanayoshikana, hivyo uzi mmoja ukikatika tobo halikimbii kama linavyokimbia kwenye soksi. Njia rahisi ya kupima ni kuvuta kitambaa taratibu kwa vidole gumba viwili, kwanza kwa urefu na kisha kwa upana. Vitundu vikibaki wazi na vilivyopanuka baada ya kuachia, nyuzi zinateleza, na kitambaa hicho kitakuwa na mianya baada ya kufuliwa mara chache. Mishono ya pembeni pia ikaguliwe, kwa sababu chandarua huvutwa zaidi pale ukuta unapokutana na paa.

Ukubwa hauna budi kulingana na kitanda. Chandarua cha nne kwa sita kikitundikwa kwenye kitanda cha tano kwa sita hakitafika chini ya godoro, na mkono wa mtoto utalala ukigusa kitambaa usiku kucha. Vyandarua vya duara vyenye pete moja juu ni rahisi kutundika kwa kuwa vinahitaji msumari mmoja tu, ila nafasi ya ndani huwa finyu upande wa juu na kitambaa huelekea kumgusa aliyelala karibu na ukingo.

== Vitundu ==

Kitundu kinapaswa kuwa kidogo kiasi cha kumzuia mbu na kikubwa kiasi cha kupitisha hewa. Vyandarua vya kawaida huwa na matundu ya upana wa milimita 1.2 hadi 1.5. Kwenye biashara vitundu huhesabiwa kwa inchi ya mraba, na namba iliyozoeleka ni 156, ambayo hupatikana kwa vitundu 12 upande mmoja na 13 upande wa pili. Kwa sentimita ya mraba hiyo ni kama vitundu 24.

Namba hii nayo inaweza kuhakikiwa. Kitambaa kitandazwe juu ya meza bila kuvutwa, na karatasi yenye dirisha la mraba la sentimita 2.54 iwekwe juu yake. Vitundu vihesabiwe kwa mlalo na kwa wima, kisha namba hizo mbili zizidishwe. Kosa la kawaida ni kuhesabu kitambaa kikiwa kimevutwa, jambo linalopunguza hesabu. Vyandarua vya bei ya chini kabisa mara nyingine huwa na vitundu 100 au pungufu, maana uzi unaookolewa hapo ni faida ya mtengenezaji. Kwa chandarua kisicho na dawa, upungufu huo ni tatizo halisi, kwa sababu kitambaa ndicho kinga pekee kilichonayo.

Vitundu vidogo zaidi si lazima viwe bora. Vikizidi kuwa vidogo, hewa hupita kwa shida, na joto ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi zaidi na watu wanaoacha kulala ndani ya chandarua. Mahali kama Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, chandarua cha vitundu vidogo mno huishia kufungwa fundo juu ya kitanda. Vitundu vidogo kupita kiwango cha kawaida vina maana mahali penye wadudu wadogo kuliko mbu, kama usubi wa mchanga wanaoeneza leishmania, ambao hupenya kwenye vitundu vya kawaida visipokuwa na dawa.

Kwa upande mwingine, kuna vyandarua vyenye vitundu vikubwa kwa makusudi. Olyset ya awali ilitengenezwa hivyo ili ipitishe hewa vizuri, kwa hoja kwamba mbu hatapenya kwa kuwa dawa itamfukuza au itamwangusha anapotua. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa mbu wanaodhurika na dawa. Walipozoea dawa, vitundu vikubwa vikawa udhaifu. Kwa hiyo ukubwa wa vitundu haupaswi kuangaliwa peke yake: kadiri dawa inavyokuwa dhaifu mbele ya mbu wa eneo fulani, ndivyo kitambaa chenyewe kinavyobeba kazi zaidi.

== Dawa ==

Chandarua kisicho na dawa humzuia mbu asifike, lakini hakimdhuru. Mbu hutembea juu yake akitafuta tobo, na mahali ngozi ilipogusa kitambaa huuma kupitia kitunduni. Chandarua chenye dawa humuua au humfukuza kabla hajapata nafasi hiyo, na kwa kumuua humkinga hata jirani. Utafiti uliofanyika Asembo, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa watu wasio na vyandarua wanaoishi ndani ya mita 300 kutoka nyumba zenye vyandarua vyenye dawa nao walipata kinga.

Katika miaka ya 1990 dawa ilitiwa nyumbani. Mnunuzi alipata chandarua pamoja na kipakiti cha dawa, akachanganya kwenye beseni la maji, akachovya kitambaa na kukianika kivulini. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, Tanzania, dawa hiyo iliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Kazi hiyo ilipaswa kurudiwa kila baada ya miezi sita au baada ya kufua mara tatu, na kaya nyingi hazikuirudia. Ndipo vikaja vyandarua ambavyo dawa yake hutiwa kiwandani na kudumu muda mrefu. Ili kuhesabiwa katika kundi hilo, chandarua kinatakiwa kubaki na nguvu baada ya kufuliwa mara 20 kwa utaratibu wa maabara, na kutumika nyumbani kwa miaka mitatu.

Dawa hutiwa kwa njia mbili, na njia hufuata uzi. Kwenye poliesta, dawa hupakwa juu ya uzi pamoja na gundi inayoishikilia. Kwenye polietilini, dawa huchanganywa na plastiki yenyewe kabla uzi haujavutwa, kisha hutoka polepole kuja juu ya uzi. Tofauti hii huonekana baada ya kufua: chandarua cha polietilini huhitaji siku kadhaa ili dawa ya ndani ijaze tena ile iliyooshwa juu, na kwenye baridi hujaza polepole zaidi.

=== Pirethroidi ===

Kundi la kwanza la dawa na lililotumika zaidi ni pirethroidi. Ndani yake kuna permethrini, deltamethrini na alfa-sipermethrini. Hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu na humwangusha ndani ya dakika chache, ilhali kwa binadamu madhara yake kwa kiasi kilichopo kwenye chandarua ni madogo: mwasho wa ngozi, macho au pua katika siku za mwanzo. Kiasi chenyewe ni kidogo sana. Chandarua cha mfano wetu cha mita za mraba 16.74 kikiwa na deltamethrini miligramu 55 kwa kila mita ya mraba, kiwango cha PermaNet 2.0, kina dawa isiyofika gramu moja kwa chandarua kizima.

Shida ya pirethroidi ni usugu. Kwa kuwa kwa miaka mingi ndiyo dawa pekee iliyotumika kwenye vyandarua, na pia hunyunyizwa mashambani, mbu wengi barani Afrika wamekuwa sugu. Baadhi wana vimeng'enya vingi mwilini vinavyovunja dawa kabla haijafanya kazi. Mbu wa aina hiyo huonekana akitua kwenye chandarua kipya kabisa, akakaa na kuondoka mzima.

=== PBO ===

Jibu la kwanza lilikuwa kuongeza piperonili butoksidi, inayojulikana zaidi kwa ufupisho wa PBO. Yenyewe haimuui mbu. Kazi yake ni kuzuia vile vimeng'enya vinavyovunja pirethroidi, ili dawa ipate nafasi. Olyset Plus ina permethrini na PBO katika kitambaa chote, ilhali PermaNet 3.0 ina PBO kwenye paa tu. Jaribio lililofanyika wilayani Muleba, mkoani Kagera, lilionyesha kuwa watoto katika vijiji vilivyopewa Olyset Plus waliambukizwa malaria kwa kiwango kidogo kuliko wale wa vijiji vilivyopewa Olyset ya kawaida. Kutokana na matokeo hayo, mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliruhusu vyandarua vya PBO vitumike mahali penye usugu.

=== Dawa mbili ===

Jibu la pili ni kuweka dawa mbili zinazoua kwa njia tofauti. Iliyofanikiwa zaidi hadi sasa ni klofenapiri. Hii haigusi mishipa ya fahamu, bali huharibu sehemu za seli zinazozalisha nguvu, na mbu hufa taratibu, mara nyingi baada ya siku moja hadi tatu. Mtu anayetazamia kukuta mbu waliokufa chini ya kitanda asubuhi anaweza kudhani chandarua hakifanyi kazi, kumbe mbu amekwenda kufia mbali. Kuna ajabu moja katika dawa hii: inapoingia mwilini mwa mbu bado haina ukali, na vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu. Vimeng'enya vile vile vilivyomfanya asidhurike na pirethroidi humponza hapa. Kwa sababu hiyo PBO, inayozuia vimeng'enya hivyo, si mwenza mzuri wa klofenapiri.

Interceptor G2 ya kampuni ya BASF ina alfa-sipermethrini miligramu 100 na klofenapiri miligramu 200 kwa mita ya mraba, kwenye kitambaa cha poliesta. PermaNet Dual ina deltamethrini na klofenapiri. Royal Guard imefuata njia nyingine: ina alfa-sipermethrini na piriproksifeni, ambayo humfanya mbu jike ashindwe kuzaa.

== Jaribio la Misungwi ==

Swali la mnunuzi na la serikali ni moja: tofauti hizi za dawa zinaonekana kwa wagonjwa, au zinaishia maabara? Jibu lilipatikana wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, mahali ambapo mbu aina ya ''Anopheles funestus'' ni wengi na ni sugu kwa pirethroidi. Eneo liligawanywa katika makundi 84 ya makazi, na kila kundi likapewa kwa bahati nasibu aina moja kati ya nne: Interceptor ya kawaida yenye pirethroidi pekee, Olyset Plus yenye PBO, Royal Guard, au Interceptor G2. Vyandarua viligawiwa mwanzoni mwa mwaka 2019, na watoto wa miezi sita hadi miaka 14 wakapimwa damu kwa vipindi.

Baada ya miezi 24, watoto waliokutwa na vimelea vya malaria katika maeneo ya Interceptor ya kawaida walikuwa asilimia 45.8. Katika maeneo ya Olyset Plus walikuwa asilimia 40.7, ya Royal Guard asilimia 37.5, na ya Interceptor G2 asilimia 25.6. Kitakwimu, ni Interceptor G2 pekee iliyotofautiana na ya kawaida kwa namna isiyoweza kuelezwa kama bahati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la ''The Lancet'', na baada ya jaribio jingine lililofanyika Benin kuelekea upande huo huo, WHO ilipendekeza rasmi vyandarua vya pirethroidi na klofenapiri mwezi Machi 2023.

Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Hayasemi kuwa PBO haina kazi. Muleba ilionyesha kuwa inayo. Yanachoonyesha ni kwamba faida ya PBO hupungua chandarua kinapozeeka. Matumizi ya vyandarua vya jaribio yalishuka kadiri muda ulivyopita, na dawa nzuri kwenye kitambaa kilichoachwa kwa kuchanika haimkingi mtu. Vilevile, Misungwi ni mahali penye usugu mkubwa. Pale ambapo mbu bado wanakufa kwa pirethroidi, tofauti kati ya aina hizi inatarajiwa kuwa ndogo.

== Chapa na uhalali wake ==

Njia ya uhakika ya kutambua chandarua chenye dawa kinachoaminika ni orodha ya WHO ya bidhaa zilizokaguliwa kabla ya kununuliwa kwa fedha za umma. Tangu mwaka 2017 orodha hiyo imechukua nafasi ya mpango wa zamani ulioitwa WHOPES. Ili kuingia humo, mtengenezaji hutoa taarifa za dawa, usalama, kiwanda na nguvu ya chandarua dhidi ya mbu. Kipimo kimojawapo ni kuwaweka mbu chini ya koni ndogo ya plastiki juu ya kitambaa kwa dakika tatu. Kwa vyandarua vya pirethroidi, angalau asilimia 80 wanatakiwa kuwa wamekufa baada ya saa 24, au asilimia 95 kuwa wameanguka ndani ya saa moja.

Miongoni mwa majina yanayojulikana Afrika Mashariki ni Olyset na Olyset Plus za Sumitomo Chemical ya Japani, PermaNet za Vestergaard, Interceptor za BASF ya Ujerumani, DuraNet ya Shobikaa Impex ya India, na MiraNet ya A to Z Textile Mills ya Arusha. Kiwanda hicho cha Arusha kilianza kutengeneza Olyset mwaka 2003 baada ya kupewa ujuzi na Sumitomo.

Jina la chapa peke yake halitoshi, kwa sababu chapa moja huwa na bidhaa kadhaa zisizolingana. "Interceptor" bila "G2" haina klofenapiri, na "Olyset" bila "Plus" haina PBO. Mnunuzi asome lebo iliyoshonwa kwenye chandarua chenyewe, si mfuko tu, kwani mfuko hubadilishwa kirahisi. Lebo ya kweli hutaja jina la mtengenezaji, jina la dawa na kiasi chake kwa kilo au kwa mita ya mraba, aina na unene wa uzi, vipimo vya chandarua, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa. Chandarua kilichoandikwa "chenye dawa" bila kutaja ni dawa gani kichukuliwe kuwa hakina dawa. Harufu si ushahidi, maana hata kitambaa kipya cha plastiki hunuka. Rangi nayo haina uhusiano na nguvu ya dawa, ila cheupe huonyesha uchafu upesi na hivyo hufuliwa mara nyingi zaidi.

Namba ya toleo si pambo. Utafiti wa Papua Guinea Mpya uliochapishwa mwaka 2020 ulipima vyandarua vipya, ambavyo havijafunguliwa, vya chapa moja iliyokuwa kwenye orodha ya WHO. Vilivyotengenezwa hadi mwaka 2012 viliua mbu kama ilivyotakiwa, lakini vingi vya kuanzia mwaka 2013 havikufikia kiwango, ingawa jina na mfuko vilikuwa vile vile. Ndiyo sababu nchi zinazonunua kwa wingi hupima sampuli za kila shehena. Mnunuzi wa kimoja hawezi kupima, lakini namba ya toleo humwezesha kulalamika kwa mamlaka husika. Nchini Tanzania viuatilifu husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na nchini Kenya kuna Bodi ya Udhibiti wa Bidhaa za Kuulia Wadudu (PCPB).

Vyandarua vingi vyenye dawa haviuzwi madukani kabisa. Hugawiwa katika kampeni, katika kliniki za wajawazito na watoto, na nchini Tanzania pia kupitia shule za msingi, mpango ulioanza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma. Vinavyopatikana sokoni mara nyingi ni vya poliesta visivyo na dawa, vizuri kwa mshono na kwa umbo. Mtu aliye na chandarua cha kliniki chenye dawa na kingine kizuri cha dukani kisicho na dawa, katika eneo lenye malaria afadhali alalie cha kliniki, hata kama hakipendezi.

== Matumizi yanayolinda dawa ==

Chandarua kipya chenye dawa hutandazwa kivulini kwa saa 24 kabla ya kulaliwa, ili mwasho wa mwanzo upungue. Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kawaida ya mche, si kwa dawa ya kutoa madoa wala kwa maji ya moto, na huanikwa kivulini kwa sababu jua huharibu pirethroidi. Kufua mara nne kwa mwaka kunatosha; anayefua kila wiki humaliza mafuo 20 ndani ya miezi mitano. Matobo mengi hutokana na misumari na mbao za kitanda, panya, na moto wa mshumaa au koroboi, ambao pia unaweza kuwasha kitambaa kizima. Mchana kikunjwe na kufungwa juu, mbali na watoto wanaocheza.

== Lini chandarua kimekwisha ==

Umri pekee haujibu swali hili. Ufuatiliaji wa Olyset, PermaNet 2.0 na NetProtect katika wilaya nane za Tanzania ulionyesha kuwa muda wa kati wa kufaa kwa zote tatu ulikuwa chini ya miaka mitatu inayotajwa. WHO hutumia hesabu ya matobo ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya. Chandarua hutundikwa na matobo huhesabiwa kwa makundi manne: yanayopitisha kidole gumba au pungufu (sentimita 0.5 hadi 2) huhesabiwa 1 kila moja, makubwa kuliko gumba lakini yasiyopitisha ngumi kubwa (sentimita 2 hadi 10) huhesabiwa 23, makubwa kuliko ngumi lakini si kuliko kichwa (sentimita 10 hadi 25) huhesabiwa 196, na makubwa kuliko kichwa huhesabiwa 576. Jumla ikiwa 64 au pungufu chandarua ni kizima, hadi 642 kimeharibika lakini bado kinafaa, na zaidi ya hapo kimechakaa.

Mathalani, chandarua chenye matobo matano ya gumba, mawili ya ngumi na moja la kichwa kina 5 + 46 + 196, yaani 247. Bado kinafaa. Lile tobo moja kubwa likishonwa, jumla hushuka hadi 51, nacho kinarudi kwenye kundi la vizima. Likiachwa na kuongezeka mawili ya ukubwa huo, jumla huwa 639, na tobo la ngumi moja zaidi hukifikisha 662. Kwa hiyo sindano na uzi vianze na matobo makubwa, na vidogo vingoje.

Hesabu hii haipimi dawa. Chandarua chenye dawa kilichotoboka kidogo bado humuua mbu anayezungukazunguka akitafuta njia, ilhali kisicho na dawa chenye matobo yale yale hakimkingi mtu. Chandarua kilichochakaa kisitupwe kabla kingine hakijapatikana, na kisitumike kuvulia samaki wala kufunikia chakula, kwa sababu mabaki ya dawa ni sumu kali kwa samaki na viumbe wengine wa majini.